Kabrasha linasema mgongano hutokea watu wawili wakihariri faili moja. Mbona kwetu imekuwa vingine?

#1 Kijana wa Nyegezi

Habari za jioni, wanajukwaa. Tuko wanafunzi wawili hapa Mwanza na tunatengeneza programu ndogo ya kumpigia hesabu mfanyabiashara mmoja wa dagaa pale Mwaloni Kirumba. Kabrasha tulilogawiwa darasani kuhusu Git linaeleza kwamba mgongano hutokea pale watu wawili, kila mmoja akiwa kwenye tawi lake, wanapohariri faili lile lile. Yaliyotupata hayafanani na maelezo hayo. Faili letu `bei.py` lilianza hivi (bei ni za mazoezi tu, msije mkanikokotoa):

```python
def jumla(kilo):
    bei = 6000
    ushuru = 200
    mfuko = 500
    return kilo * bei + kilo * ushuru + mfuko
```

Wiki iliyopita mimi nilipandisha `bei` kuwa 6500 kwenye tawi langu, na mwenzangu akapandisha `mfuko` kuwa 700 kwenye tawi lake. Faili ni moja, watu ni wawili, lakini tulipounganisha Git haikulalamika hata kidogo. Leo mimi nimebadilisha `ushuru` kuwa 250 kwenye tawi nililoliita `ushuru`, na yeye amebadilisha `bei` kuwa 7000, kazi yake ikaingia `main` kwanza. Kila mtu amegusa mstari wake, hakuna aliyemgusa mwenzake, na bado nimepata hivi:

```
Auto-merging bei.py
CONFLICT (content): Merge conflict in bei.py
Automatic merge failed; fix conflicts and then commit the result.
```

Naomba kueleweshwa ni kipi kimebadilika kati ya wiki iliyopita na leo. Bado sijagusa kitu, faili liko na alama zake.

#2 Feri ya Kamanga

Pole, ndugu. Hilo ni tatizo la kawaida: mwenzako alisukuma kazi yake kabla yako, kwa hiyo seva inakataa ya kwako na kukuandikia `rejected`. Andika `git push --force`, itapita.

#3 Mzee wa Seva

Ndugu Feri, soma tena bandiko la kwanza. Kijana hajakataliwa na seva, wala hajafika kwenye kusukuma. Ujumbe aliouweka umetoka kwenye `git merge`, na jambo lote linatendeka ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Kijana, amri hiyo ya `--force` usiiguse, kwa sababu hapa haitibu chochote, na ukiielekeza kwenye `main` ya pamoja inaweza kuzifuta kwenye seva komiti za mwenzako ambazo wewe huna.

#4 Dagaa Mkavu

Mimi nadhani jibu ni la saa. Git hutunza mabadiliko tu, haitunzi faili zima, na kila komiti ina muda wake. Wiki iliyopita komiti zenu zilipishana vizuri, moja ikatangulia na nyingine ikafuata, hivyo Git ikazipanga kwa zamu. Leo huenda mmekomiti karibu karibu ikashindwa kujua nani wa mwisho.

#5 Mzee wa Seva

Dagaa, umesema mambo mawili na yote yanahitaji kunyooshwa. Muda wa komiti unaandikwa kweli, ila wakati wa kuunganisha maudhui Git hautazami kabisa. Unaweza kurudisha saa ya kompyuta nyuma miaka kumi, ukakomiti, na matokeo ya muunganiko yakabaki yale yale. Jambo la pili, komiti haihifadhi mabadiliko. Inahifadhi picha ya mradi mzima ulivyokuwa wakati ule, pamoja na ujumbe, jina la aliyeandika, na kielekezi cha komiti mzazi. Tofauti unazoziona ukiandika `git show` zinakokotolewa papo hapo kwa kulinganisha picha ya komiti na ya mzazi wake.

Sasa nije kwa Kijana. Unapoandika `git merge ushuru` ukiwa `main`, Git hailinganishi matoleo mawili, bali inalinganisha matatu. La tatu ni ile komiti ya mwisho ambayo matawi yote mawili yanaichangia, mahali yalipoachana. Iulize mwenyewe:

```
git merge-base main ushuru
```

Ukishaipata, Git inajibu maswali mawili tu: tangu hapo `main` imebadilisha mistari ipi, na `ushuru` limebadilisha mistari ipi. Sehemu iliyobadilishwa na upande mmoja pekee huchukuliwa kutoka upande huo bila kuuliza. Sehemu iliyobadilishwa sawasawa na pande zote mbili, herufi kwa herufi, nayo hupita kimya. Inayobaki ni ile iliyoguswa na pande zote kwa namna tofauti, na hapo ndipo Git husimama ikamwachia mtu aamue.

#6 Msukuma Komiti

Mzee, maelezo ni mazuri, ila hayajamjibu. Kijana anasema kila mmoja amegusa mstari wake. Kwa maelezo yako mwenyewe, `bei` imebadilishwa na upande mmoja, `ushuru` umebadilishwa na upande mmoja, basi vyote vilipaswa kupita. Au Git nayo imeanza kutoza ushuru wa mwalo?

#7 Mzee wa Seva

Nilikuwa nakuja huko. Angalia mistari ilivyokaa. Wiki iliyopita waligusa `bei` na `mfuko`, na katikati yake ulikuwepo mstari wa `ushuru` ambao hakuna aliyeugusa. Leo wamegusa `bei` na `ushuru`, ambayo inafuatana, hakuna mstari mzima uliobaki kati yao. Git haihesabu mstari mmoja mmoja kama sisi tunavyoisoma. Inashughulika na vipande vya mistari iliyobadilika, na vipande viwili vya pande tofauti vikigusana bila mstari hata mmoja usiobadilika wa kuvitenganisha, vinahesabiwa kuwa mahali pamoja. Mstari mmoja tu katikati unatosha kuvitenganisha, kama mlivyoona.

Kwa hiyo kabrasha lilikuwa karibu na ukweli, lakini faili ni kipimo kikubwa mno. Watu wanaweza kuhariri faili moja siku nzima wasigongane, ilimradi wako mbali mbali ndani yake.

#8 Dagaa Mkavu

Kuhusu picha ya mradi mzima sikubaliani moja kwa moja, Mzee. Nina repo yenye komiti nyingi sana na folda la `.git` ni dogo kuliko inavyoweza kuwa kama kila komiti ingekuwa nakala kamili. Nimewahi kusoma pia kwamba ndani kuna faili za `pack` ambazo zinahifadhi tofauti kati ya toleo na toleo.

#9 Mzee wa Seva

Hapo una haki yako nusu, na ni nusu yenye uzito. Kuna sababu mbili za udogo huo. Kwanza, faili ambalo halikubadilika halinakiliwi upya, kwani komiti mpya inaelekeza kwenye maudhui yale yale ya zamani. Pili, Git inapobana vitu kwenye `pack` hutumia tofauti kweli ili kuokoa nafasi. Hata hivyo huo ni ubanaji wa diski, na tofauti zinazohifadhiwa humo si lazima ziwe kati ya komiti na mzazi wake. Kwa mtu anayeunganisha matawi, komiti ni picha.

#10 Dagaa Mkavu

Basi tuseme ni picha iliyohifadhiwa kama tofauti. Nimebaki na msimamo wangu kwa asilimia fulani.

#11 Bi Capripoint

Nawafundisha vijana wa mafunzo kwa vitendo ofisini kwetu, na huwa nawaambia wafikirie daftari la mwalo. Karani mkuu anatoa nakala mbili za ukurasa mmoja, anawapa makarani wawili, kila mmoja anasahihisha yake. Jioni karani mkuu hawezi kujua nani amebadilisha nini akiwa na nakala mbili tu mkononi, kwa sababu akiona 200 hapa na 250 pale hajui ipi ndiyo ya zamani. Anahitaji ukurasa wa awali. Ndiyo maana Git inatafuta ile komiti ya kuachana.

#12 Msukuma Komiti

Dada, makarani wa Mwaloni ninaowajua mimi hawana nakala wala ukurasa wa awali, wana kumbukumbu na sauti kubwa. Ila nimeelewa.

#13 Kijana wa Nyegezi

Ahsanteni. Nimeandika `git merge-base main ushuru` na nimepata komiti ya muunganiko wa wiki iliyopita, yenye `bei` 6500, `ushuru` 200 na `mfuko` 700. Faili langu sasa linaonekana hivi:

```
def jumla(kilo):
<<<<<<< HEAD
    bei = 7000
    ushuru = 200
=======
    bei = 6500
    ushuru = 250
>>>>>>> ushuru
    mfuko = 700
    return kilo * bei + kilo * ushuru + mfuko
```

Mhariri wangu wa msimbo ananiwekea vitufe juu ya alama hizo: nikubali ya sasa, nikubali inayoingia, au nikubali zote mbili. Kwa kuwa tunazitaka kazi zote mbili, nadhani kitufe cha zote mbili ndicho sahihi. Nibonyeze?

#14 Mzee wa Seva

Usibonyeze kwanza. Kitufe hicho hakichanganyi maana, kinaondoa alama tu na kupanga vipande viwili kimoja juu ya kingine. Utapata hivi:

```python
    bei = 7000
    ushuru = 200
    bei = 6500
    ushuru = 250
    mfuko = 700
```

Python haitakukataza kuandika `bei` mara mbili. Itachukua ya mwisho, yaani 6500, na kazi ya mwenzako itakuwa imekufa bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini. Piga hesabu ya kilo 10. Inayotakiwa ni 70,000 ya dagaa, 2,500 ya ushuru na 700 ya mfuko, jumla 73,200. Programu itakuambia 68,200, na mfanyabiashara atakuwa amepoteza 5,000 katika kila kilo 10 huku kila mtu akiamini kwamba muunganiko ulikwenda salama.

Vitufe vile vingine viwili navyo havifai hapa. Cha juu kinapoteza ushuru mpya, cha chini kinapoteza bei mpya. Jibu sahihi ni `bei = 7000` na `ushuru = 250`, na ukitazama vizuri utaona kwamba jozi hiyo haimo katika kipande chochote kati ya viwili. Inabidi uiandike kwa mkono, kisha ufute mistari yote mitatu ya alama.

#15 Mkazi wa Igogo

Niongezee hapo, kwa sababu kuna mpangilio mmoja unaomwokoa mtu kubahatisha. Andika:

```
git config --global merge.conflictStyle diff3
```

Kisha uondoke kwenye muunganiko huu kwa `git merge --abort`, ambayo inakurudisha ulipokuwa kabla ya kuanza, halafu uunganishe upya. Safari hii alama zitakuwa na sehemu ya katikati:

```
<<<<<<< HEAD
    bei = 7000
    ushuru = 200
||||||| 3f2a91c
    bei = 6500
    ushuru = 200
=======
    bei = 6500
    ushuru = 250
>>>>>>> ushuru
```

Ile ya katikati ndiyo ukurasa wa awali wa Bi Capripoint. Ukiilinganisha na ya juu unaona `main` imegusa `bei` pekee, na ukiilinganisha na ya chini unaona tawi limegusa `ushuru` pekee. Bila hiyo sehemu, mtu ambaye hakuwepo mlipokubaliana bei hawezi kujua kama 6500 ni bei mpya au ni ya zamani. Mimi nashangaa kwa nini haiji hivyo tangu mwanzo.

#16 Bi Capripoint

Kwa asiyetaka kuanza upya, matoleo yote matatu yako tayari ndani ya Git wakati mgongano haujamalizwa. `git show :1:bei.py` inatoa la awali, namba 2 inatoa la upande uliosimama, namba 3 la upande unaoingia.

#17 Binti Nansio

Salaam. Mimi naandika kutoka Ukerewe na nimesoma uzi wote. Mnauzungumza mgongano kana kwamba ndio adui, ila mimi niliumizwa na muunganiko usiokuwa na mgongano wowote. Tulikuwa watatu kwenye mradi wa kupokea mzigo wa samaki. Mmoja wetu aliamua vipimo vyote viingie kwa gramu badala ya kilo, akabadilisha ile kazi ya kukokotoa jumla pamoja na sehemu zote zilizokuwa zikiiita, akamaliza vizuri sana. Wakati huo huo, kwenye tawi langu, nilikuwa nimeandika faili jipya la ripoti ya wiki ambalo liliiita kazi ile ile kwa kilo, kama ilivyokuwa wakati natoa tawi.

Faili langu halikuwepo kwake, na mistari yake sikuigusa. Git iliunganisha kimya, ikaandika kwamba imefanikiwa, na ripoti ikatoka na jumla iliyo ndogo mara elfu moja. Tuligundua tu kwa sababu mwenye mzigo alicheka alipoiona. Sasa niulize, hapo Git ilikosea au haikukosea?

#18 Mzee wa Seva

Haikukosea kwa kazi iliyopewa. Git inasoma mistari ya maandishi na haijui kilo wala gramu. Yenu yalikuwa ni makubaliano yaliyovunjika kati ya faili mbili, na kwenye maandishi hakuna mahali pamoja palipoguswa na wawili. Kinga yake ni majaribio yanayoendeshwa baada ya kuunganisha. Kuyaendesha kabla, kwenye kila tawi peke yake, hakutoshi, kwa sababu kila tawi kwa upande wake lilikuwa sahihi. Ungekuwa na jaribio moja tu linalosema kwamba ripoti ya gunia fulani lazima itoe jumla fulani, lingeanguka papo hapo.

#19 Msukuma Komiti

Kwa hiyo Git inapiga kelele pale ambapo hakuna tatizo, kama kwa Kijana, na inanyamaza pale penye tatizo, kama kwa Binti. Mzee, unaitetea vipi bidhaa ya namna hiyo?

#20 Mzee wa Seva

Siitetei, naeleza mipaka yake. Ila kuhusu Kijana sikubali kwamba hapakuwa na tatizo. Mistari inayofuatana mara nyingi inategemeana: bei na ushuru wake, sharti na kitendo chake. Kusimama hapo na kumwuliza mtu ni uangalifu.

#21 Mkazi wa Igogo

Mimi niko na Msukuma katika hili. Nikiwa na orodha ndefu ya bidhaa, kila moja kwenye mstari wake, na wawili wakaongeza bidhaa tofauti mwishoni mwa orodha, tunagongana kila siku bila sababu ya maana. Huo ni usumbufu unaowafundisha vijana kubonyeza vitufe bila kusoma, na vitufe ndivyo vinavyoleta yale ya 68,200.

#22 Bi Capripoint

Kwa orodha ya namna hiyo sisi tuliipanga kwa alfabeti. Wawili wakiongeza vitu tofauti, mara nyingi vinaangukia mahali tofauti. Haiondoi kabisa, inapunguza.

#23 Feri ya Kamanga

Mimi nina jambo jingine, na safari hii nimesoma swali. Kuna siku nilipata mgongano ambao faili zima, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, lilikuwa ndani ya alama. Mwenzangu aliapa kuwa amebadilisha neno moja tu. Je, nayo ni habari ya mistari kugusana?

#24 Mkazi wa Igogo

Mmoja wenu anatumia Windows na mwingine Linux?

#25 Feri ya Kamanga

Ndiyo. Wewe umejuaje?

#26 Mkazi wa Igogo

Kwa sababu mistari ya faili huishia kwa alama isiyoonekana, na mifumo hiyo miwili ina desturi tofauti: Linux huweka alama moja, Windows huweka mbili. Mhariri wa mwenzako akihifadhi faili kwa desturi ya Windows na likakomitiwa hivyo hivyo, kila mstari unakuwa umebadilika machoni pa Git hata kama kwa macho yako hakuna kitu. Wewe ukigusa mstari wowote kwenye tawi lako, umegusa ndani ya kipande kinachoanza juu na kuishia chini. Hakikisha kwa:

```
git ls-files --eol
```

Ukiona `i/crlf` au `i/mixed` kwenye faili la msimbo, ugonjwa ndio huo. Weka faili la `.gitattributes` lenye mstari `* text=auto`, andika `git add --renormalize .`, kisha komiti hilo peke yake bila kuchanganya na kazi nyingine. Kwa tawi la zamani ambalo bado halijaingia, `git merge -Xrenormalize` husaidia.

#27 Dagaa Mkavu

Huenda pia mhariri wake alipanga upya nafasi za mwanzo wa mstari, akabadilisha tabo kuwa nafasi nne. Matokeo yanaonekana yale yale. Usimhukumu Windows kabla ya kupima.

#28 Mkazi wa Igogo

Ni kweli, inawezekana. Ndiyo maana nimempa amri ya kupimia. Ikionyesha `i/lf` kote, basi amfuate mwenzake amwulize kuhusu tabo.

#29 Kijana wa Nyegezi

Nimefanya kama alivyosema Mkazi wa Igogo: nimeacha, nimeunganisha upya, na sehemu ya katikati imenionyesha wazi nani aligusa nini. Nimeandika 7000 na 250 kwa mkono, nimefuta alama, nimejaribu kilo 10 na nimepata 73,200. Kisha `git add bei.py` na `git commit`. Swali la mwisho: kama ningesahau mstari mmoja wa alama, Git ingenizuia nisikomiti?

#30 Bi Capripoint

Kwa kawaida haikuzuii. Ukishaandika `git add`, Git inachukulia kuwa umeamua. Kwenye Python ungekuwa na bahati, kwa maana programu ingekataa kuanza. Kwenye ukurasa wa tovuti au faili la maandishi tu, zile alama za mishale zinaweza kwenda hadi kwa mteja. Kabla ya kukomiti andika `git diff --check`, na kama umeshaandika `git add`, tumia `git diff --cached --check`. Itakutajia faili na namba ya mstari wenye alama iliyobaki.

#31 Msukuma Komiti

Kijana, na hilo tawi la `ushuru` lilikaa siku ngapi bila kuunganishwa? Kwa sababu naona ninyi wawili mko meza moja, mngeweza kuambiana tu.

#32 Kijana wa Nyegezi

Wiki karibu nzima. Umeme ulikuwa unasumbua mtaani kwetu na mwenzangu alikuwa amekwenda Sengerema.

#33 Dagaa Mkavu

Angetumia `git rebase main` kila asubuhi asingefika hapa.

#34 Mzee wa Seva

Angefika hapa hapa, Dagaa, ila mapema zaidi na akiwa peke yake. `rebase` inachukua komiti zake na kuzitengeneza upya moja moja juu ya `main`, na kila moja inapita kwenye ulinganisho ule ule wa pande tatu. Mistari ikigusana, inagongana vile vile. Tena hapo maana ya pande inageuka: ile inayoitwa `ours` inakuwa ni ya `main`, na `theirs` inakuwa ni kazi yako mwenyewe. Nimeona watu wakitupa kazi yao ya siku nzima kwa kuchagua `--ours` wakidhani ni ya kwao.

#35 Dagaa Mkavu

Bado naona historia iliyonyooka inasomeka vizuri kuliko yenye komiti za muunganiko kila mahali. Hilo hujalijibu.

#36 Mkazi wa Igogo

Hilo halijajibiwa na jukwaa lolote nililowahi kuingia.

#37 Binti Nansio

Kabla hamjaanza vita vya `rebase`, naomba mnijibu moja. Mfanyabiashara wetu anatunza bei kwenye jedwali la Excel, na tumeliweka ndani ya repo. Wawili wakilibadilisha hilo nalo tutapata alama za mishale?

#38 Bi Capripoint

Hapana, dada. Faili la `.xlsx` kwa Git si mistari ya maandishi, kwa hiyo hakuna vipande vya kulinganisha. Mtapata mgongano wa faili zima, Git itabakisha toleo la upande mliosimama kwenye folda, na nyinyi mtachagua moja kwa `git checkout --ours` au `--theirs`. Mabadiliko ya asiyechaguliwa yatabidi yaingizwe upya kwa mkono. Kama bei ni safu chache tu, zihamishieni kwenye CSV, mstari mmoja kwa kila aina ya samaki.

#39 Binti Nansio

Mwenye mzigo hataki CSV, anataka rangi zake za kijani na nyekundu. Nitaongea naye Jumatatu.

#40 Msukuma Komiti

Mwambie rangi nyekundu iko kwenye `git diff`, atafurahi.